Kutoboa tole ao kusukuma hewa na ventilateri: ni saa gani ya kufungua nyumba inayoungua

Hii mwongozo ni ya wale wanaingia mu moto na apareyi ya kupumua ku mgongo na lanse yenye maji ku mkono, pompiye wa mji, ekipe za usalama za kampuni za mine, wale wa viwanda. Kama hauna apareyi na hauna maji, kazi yako ni fupi: toa watu, funga mlango wa chumba chenye kuungua kama unaweza kuufikia bila kupumua moshi, funga na mlango wa nje, uite wenye vyombo. Usipande juu ya tole, usivunje dirisha.

Nazungumzia nyumba ya kawaida ya Lubumbashi, ile ya komini ya Katuba ao Kenya ao Kampemba: briki, tole juu, plafo ya tripleksi, kuloar katikati, antivole ku kila dirisha, nyumba ya jirani iko metre mbili tu na mara ingine inagusana kabisa. Mafunzo mengi ya kutoa moshi yanatoka Ulaya na Amerika, kwenye dari iko ya jipsi na mtu anaweza kutokea dirishani. Kwetu dirishani hautokei, antivole iko pale, na plafo ya tripleksi inashika moto yenyewe. Hiyo inabadilisha mambo mengi.

Kuna njia mbili nataka tulinganishe. Ya kwanza ni kufungua juu, maana yake unatoa tole juu ya moto ili moshi na gesi za moto zipande zitoke. Ya pili ni kusukuma hewa, unaweka ventilateri kubwa nje mbele ya mlango, inajaza nyumba na hewa ya presyo kidogo kupita ile ya nje, na moshi unalazimika kutokea ku tundu ulilochagua weye. Zote mbili ni nzuri na zote mbili zinaua, tofauti iko mu saa.

Kwanza uelewe moto unangojea nini

Matela ya musi, fotee, rido, vyote vya leo vinatoka mu petroli, vinaungua mbio na vinatoa moshi mwingi mweusi wenye monoksidi ya kaboni na sianidi. Moto wa namna hiyo mu chumba kilichofungwa unamaliza oksijeni haraka. Miali inapungua, joto linashuka kidogo, ukiangalia kutoka nje unasema "ah, moto umepoa". Haujapoa. Chumba kimejaa mafuta ya hewani, yaani moshi wenyewe, na kitu kimoja tu kinakosekana: hewa.

Sasa weye unafika, unapiga mlango teke. Umeleta ile iliyokosekana.

Maabara ya UL ya Marekani ilijenga nyumba nzima ndani ya hangar na kuziunguza na fanicha za siku hizi, ripoti ilitoka 2010. Kwenye nyumba isiyo na ghorofa, kuanzia kufungua mpaka hali ya ndani kuwa mbaya hata kwa pompiye mwenye nguo zake zote, ilikuwa karibu sekunde 100. Kwenye nyumba yenye ghorofa karibu sekunde 200. Nyumba zetu nyingi hazina ghorofa na ni ndogo kupita zile walizojaribu, kwa hiyo hata hizo sekunde 100 mimi siwezi kuzitegemea. Fikiria unachoweza kufanya mu sekunde 100 kama tiyo bado imekunjwa mu kamio: hakuna.

Kwa hiyo mlango wa mbele nao ni kutoa moshi. Watu wanasahau hiyo, wanafikiri ventilasyo inaanza siku mtu anapanda na shoka. Inaanza pale mama mwenye nyumba anakimbia na kuacha mlango wazi.

Kitu cha pili cha kuelewa ni njia ya hewa. Hewa baridi inaingia mahali fulani chini, inafika ku moto, gesi za moto zinatoka mahali pengine, kawaida juu. Ile barabara kati ya tundu la kuingilia na tundu la kutokea njo mahali pa hatari kupita yote mu nyumba, kwani joto linakwenda mbio humo. Kila ukifungua kitu, umetengeneza barabara mpya. Swali la kujiuliza kila mara ni hili: nani iko kwenye hiyo barabara?

Kufungua juu, na kwa nini tole inadanganya

Ukitoboa mahali sawasawa juu ya moto, moshi unapanda wenyewe, hauhitaji motere, hauhitaji mafuta. Vijana wanapenda njia hii kwani inaonekana: moshi mweusi unaruka juu, watu mu barabara wanapiga makofi. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, kama kuna plafo, tundu la tole halitoi moshi wa chumba. Linatoa moshi wa ile nafasi kati ya plafo na tole, basi. Ili chumba kipumue lazima uvunje na plafo kutoka juu na kigongo kirefu chenye ndoano, ao wenzako waishushe kutoka ndani. Nimeona ekipe imetoa tole tatu, inashangaa kwa nini ndani bado hauoni mkono wako. Plafo ilikuwa nzima.

La pili ni baya zaidi. UL ilirudia kazi kuhusu kufungua juu, ripoti ya 2013, na hapo walitoboa tundu la metre 1.2 kwa 2.4 juu ya moto, tundu kubwa kabisa, na mlango wa mbele wazi. Moto ulikuwa mkubwa zaidi, si mdogo. Moshi ulitoka mwingi kweli lakini hewa iliyoingia kupitia mlango ilikuwa inalisha moto haraka kupita vile tundu linatoa joto. Maji yakishapigwa tu, lile lile tundu linakuwa baraka, nyumba inajisafisha mu muda kidogo. Tundu ni lile lile, moto ni ule ule, kilichobadilika ni nini kilitangulia.

Kupanda kwenyewe nako kuna sheria zake. Unakata kuran kwanza, na usiamini dijonkteri peke yake, mu parsele zetu kuna nyaya za kuazima zinapita juu ya tole kutoka kwa jirani. Waya ukichubuka tole nzima iko na kuran. Unalaza ngazi juu ya tole ili uzito wako ugawanyike. Unakanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwani misumari njo inakuonyesha mbao ziko wapi chini, katikati ya mistari hakuna kitu. Unatia maji kidogo: yakigeuka mvuke papo hapo, ao rangi ya tole inatoa malengelenge, mbao chini zimeshaanza kuungua, shuka. Unasimama upande upepo unatokea. Na unakuwa na ngazi ya pili upande mwingine, kwani njia uliyopandia ikishika moto hautakuwa na mahali pengine pa kushukia, utabaki na hewa tupu.

Kutoa tole usihangaike na diskezi kama baramini iko. Ondoa kwanza kofia ya kilele, halafu ng'oa misumari ya tole mbili zinazofuatana, unapata upana wa karibu metre moja na nusu, inatosha kwa chumba cha kulala. Mbao zinazobeba tole usizikate.

Kusukuma hewa, na kwa nini ventilateri si mashine ya kuzima moto

Ventilateri ya pompiye haina nguvu unayofikiria. Presyo inayoweka mu nyumba ni ndogo, paskali chache mpaka makumi kadhaa. Upepo wa kilometre 30 kwa saa ukipiga ukuta unaweka karibu paskali 35. Maana yake upepo wa mwezi wa nane, ule wa kusini-mashariki wenye vumbi, unaweza kushinda mashine yako kabisa. Kama dirisha la kutolea moshi linaangalia upande upepo unatoka, ventilateri itasukuma, upepo utarudisha, na moshi utazunguka ndani na watu wako humo. Kiangazi angalia upepo kwanza, kuvuta kamba ya motere baadaye.

Tena motere ya petroli inapoteza nguvu karibu asilimia moja kwa kila metre 100 za kupanda juu ya bahari. Lubumbashi iko ku metre 1,200 na zaidi, kwa hiyo ile nguvu imeandikwa ku mashine, toa asilimia 12 hivi. Si kitu cha kutisha, ila usishangae kama hesabu za kitabu cha mashine hazitoki sawa.

Kuna tofauti moja watu wanachanganya sana. Kusukuma hewa *baada* ya maji kupiga moto ni kusafisha. Kusukuma hewa *mbele* ya maji, huku moto bado uko na nguvu, ni njia ya kushambulia, iko na masharti magumu: lazima ujue moto uko chumba gani kwa hakika, lazima tundu la kutokea liwe mu chumba hicho hicho, lazima liwe sawa na mlango wa kuingilia ao kubwa hata mara mbili, na vyumba vingine vyote viwe vimefungwa. Mlango wa kawaida ni metre 0.8 kwa 2, yaani karibu metre mraba 1.6. Dirisha la chumba cha nyuma Katuba ni metre moja kwa metre moja, na antivole ndani yake. Hesabu imekataa yenyewe. Kwa hiyo kwa nyumba zetu nasema wazi: mashine iwake baada ya maji. Mbele ya maji ni kupepea babula.

Hatua zenyewe, mu nyumba moja

Tuchukue nyumba. Mlango wa mbele unaingia mu saloni, kuloar inaanza pale, vyumba viwili kushoto, kimoja kulia, cha nyuma kushoto njo kinaungua, matela mbili na nguo. Dirisha lake moja, kioo bado kizima lakini cheusi. Mlango wa chumba hicho uko nusu wazi. Mlango wa mbele wazi kabisa, moshi unatokea juu yake na hewa inaingia chini. Kamio inabeba litre 4,000, lanse inatumia litre 300 kwa dakika, kwa hiyo mko na dakika 13 za maji, na borne ya barabarani usiihesabu. Mko watano. Bibi wa nyumba analia: "Mjukuu iko ndani, chumba cha mkono wa kulia, amelala!"

*Hatua ya 1. Funga mlango, zunguka nyumba.* Mtu mmoja anapewa mlango wa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho, hafanyi kazi ingine. Anauvuta mpaka ubaki upana wa tiyo. Shefu anazunguka nyumba yote, anaangalia moshi unatoka wapi: ku dirisha gani, chini ya tole, ku kilele. Moshi unaotoka chini ya tole pande zote, mwingi na mzito, unasema moto labda umeshaingia juu ya plafo. Moshi ukitoka kidogo ku pembe ya nyuma peke yake, moto bado uko mu chumba. Njiani anamuuliza bibi swali moja tu: "Mlango wa chumba cha mtoto umefungwa ao uko wazi?" Bibi anasema alimfungia kwa sababu ya kelele ya televizyo. Hiyo ni habari nzuri kupita zote utakazopata siku hiyo, mlango wa mbao uliofungwa unampa mtoto dakika kadhaa.

*Hatua ya 2. Maji kutoka nje.* Tiyo ya kwanza inakwenda ku dirisha la nyuma, si ku mlango. Unavunja kioo na kwa pigo hilo hilo maji yanaingia: mkondo ulionyooka, mwinuko mkali, unalenga plafo ili maji yagonge yaanguke kama mvua, sekunde 15 mpaka 20. Usifungue lanse ya ukungu hapa kwa sababu mbili, antivole inaukata ukungu na matone yanabaki nje, na ukungu mpana unaziba dirisha lote, basi mvuke unatafuta njia ingine, yaani kuloar. Litre moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa karibu litre 1,700, iache iwe na mahali pa kutokea. Mkondo mwembamba unaacha nafasi ya gesi kutoka pembeni yake.

Kuna wazee wanasema maji ya nje yanasukuma moto ku watu. Na mkondo ulionyooka usiozungushwa hapana, imepimwa mara nyingi. Kinachosukuma moto ni hewa.

*Hatua ya 3. Kuingia.* Wawili wanaingia na lanse kupitia mlango wa mbele, mtu wa mlango anafungua wapite kisha anarudisha. Wanakaa chini. Mmoja anafika chumba cha mkono wa kulia, anaingia, *anafunga mlango nyuma yake*, kisha njo anatafuta mtoto. Kufunga ule mlango ni kumtoa mtoto ku barabara ya hewa. Mtoto anatoka kwa njia ya kuloar akiwa amefunikwa, kwani antivole ya dirisha lake kuikata na diskezi ni dakika tatu na zaidi, na kuloar kwa sasa imepoa kwa sababu ya hatua ya 2. Mwingine amesimama na lanse kati ya kuloar na moto mpaka mtoto apite.

*Hatua ya 4. Kumaliza moto wa chumba.* Hapa hakuna mengi ya kusema, lanse inaingia, inazima, matela zinageuzwa.

*Hatua ya 5. Kuangalia plafo mbele ya kuwasha kitu chochote.* Hii hatua watu wanairuka na njo inaunguza nyumba mara ya pili. Toboa tundu ndogo mu plafo ya kuloar, upana wa mkono, kisha ingine mu chumba cha jirani na moto. Tumbukiza taa, angalia. Kama kuna moshi mwepesi wa kijivu umetulia, endelea. Kama kuna mwanga wa machungwa, ao moshi unakimbia upande mmoja, moto uko juu na ventilateri *haiwaki*. Ukiwasha, hewa itapanda kupitia kila tundu la plafo, itaingia mu nafasi ile yenye mbao kavu za miaka 40, na moto utatembea juu ya vichwa vyenu bila nyinyi kuuona mpaka plafo ianguke.

*Hatua ya 6. Tundu la kutokea, kisha mashine.* Mpango ni huo huo kila mara: kutokea kwanza, kuingilia baadaye. Dirisha la nyuma limeshavunjwa, safisha vioo vyote na rido iliyobaki, ondoa muskitere, ile neti iliyojaa masizi inaziba kupita unavyofikiri. Nje ya dirisha hilo asisimame mtu, na lanse ya pili iwe pale kulinda nyumba ya jirani kwani kitakachotoka ni cha moto. Motere inawashwa mbali na mlango, ikiangalia pembeni, inanguruma bila kupuliza ndani. Shefu anauliza mu motorola: "Nyuma, dirisha wazi?" "Wazi, shefu." "Ndani, plafo?" "Plafo safi." Hapo tu njo anasema "geuza", na mtu wa mlango anafungua mlango wote.

Mashine inakaa metre mbili hivi kutoka mlango, unainamisha kidogo mpaka hewa ifunike mlango wote, juu mpaka chini. Weka mkono ku pembe za juu za mlango: ukisikia hewa ya joto ama moshi inarudi usoni, haijafunika, rudisha mashine nyuma nusu metre. Ikiwa bado inarudi, tundu la nyuma ni dogo ao limezibwa, geuza mashine pembeni mara moja kisha utafute sababu.

Sasa angalia dirisha. Moshi ulikuwa unatoka sehemu ya juu tu, sasa utoke kwa dirisha lote, na mu nusu dakika uanze kugeuka kutoka nyeusi kwenda kijivu kwenda nyeupe. Ukizidi kuwa mweusi, ao ukitoka na nguvu zaidi kila sekunde, umelisha kitu kilichojificha. Zima, funga mlango, rudi na lanse. Ikienda vizuri, kisha kuloar ni safi, fungua chumba kimoja kimoja: mlango na dirisha lake, dakika moja, funga, kinachofuata. Moto ukishakufa kabisa unaweza kufungua madirisha mengi pamoja, ile sheria ya tundu moja ilikuwa ya wakati moto uko hai.

Nyumba ile ile, saa ikiwa mbaya

Turudishe kamio barabarani, moto ni ule ule, mlango wa mbele wazi. Vijana wa avenue wamepanda, kwa roho nzuri, wametoa tole mbili juu ya chumba cha nyuma. Kwa muda mfupi inaonekana imesaidia, moshi wa mlangoni unapungua, hewa inaingia mlangoni na sauti kama ya kuvuta. Hiyo sauti njo alama. Plafo inatoboka, miali inapanda mu tundu, na kuloar yote imekuwa bomba la kuingiza hewa. Mlango wa mtoto uko ku hiyo kuloar. Ukuta wa juu wa kuloar unaanza kushika joto, gesi chini ya plafo zikikaribia digrii 600 kila kitu kinawaka kwa mara moja. Mbao za tole juu ya chumba nazo zinaungua, na vijana wamesimama juu yake.

Ao wacha tole, chukua ventilateri. Shefu amefika, amesikia kuna mtoto, anataka kumpelekea hewa safi, anawasha mashine mlangoni. Kioo cha chumba cha moto kizima. Mtu mwingine, kwa huruma, amevunja kioo cha mtoto ili apumue. Sasa tundu la kutokea ni lipi? Ni dirisha la mtoto. Mlango wa chumba chake una nafasi chini, kidole kizima, na mashine inasukuma gesi za chumba cha nyuma kuelekea hapo hapo. Kila mmoja alifanya kitu kinachoonekana cha huruma, na zote mbili pamoja zimetengeneza barabara inayoishia ku kitanda cha mtoto. Kwa hiyo dirisha la mtu aliye ndani halivunjwi bila amri ya shefu, hata mama yake akilia.

Wakati kufungua juu kunashinda

Nisieleweke vibaya, sijasema baramini zibaki mu kamio. Kama hatua ya 5 imeonyesha moto juu ya plafo, ventilateri haina kazi na tole lazima itoke. Hii ni kawaida kwa nyumba za mapacha, zile zenye ukuta mmoja katikati na familia mbili, kwani mara nyingi ule ukuta unaishia ku plafo, juu hakuna kitu, nafasi ni moja kutoka mwisho mpaka mwisho. Hapo unafanya hivi: lanse inaingia ndani, iko na maji, iko tayari, plafo inashushwa kutoka chini upande usioungua bado, mtu amesimama ku mlango wa kutokea, maji yanapigwa kuelekea moto, na kwa wakati huo huo tole zinatolewa juu ya moto. Wa juu hatoi msumari wa mwisho mpaka asikie ndani "maji yanapiga". Kama nyumba ya pili inaanza kushika, kuna kukata mstari wa tole upana wa metre moja kutoka kilele mpaka chini, mbali mbele ya moto, pamoja na kushusha plafo chini yake, na lanse ku mstari huo. Ukikata karibu sana na moto, unamaliza kukata umeshapitwa.

Nyumba isiyo na plafo hata moja, tole tupu, mara nyingi haihitaji lolote. Inavuja yenyewe ku kilele na pembeni. Maji, basi.

Iko na hali moja ambapo juu inatangulia maji: depo ao magazini iliyofungwa, milango ya chuma, hakuna dirisha, moto umekula hewa yote kwa saa nzima. Alama zake: moshi wa kahawia ao manjano unatoka na kurudi ku nafasi za mlango kama kitu kinapumua, miali hauoni, mlango wa chuma unaunguza mkono. Ukifungua mlango hapo hewa inaingia chini na gesi zote zinalipuka kukuelekea. Mahali pa kufungua ni juu kabisa, ku kilele, na mtu anayefungua awe ku ngazi ao kikapu cha kamio, si juu ya tole yenyewe, na mbele ya mlango asiwe mtu wala kamio. Mlango unafunguliwa baadaye, kutoka pembeni, lanse mbili tayari. Kama hauna namna ya kufikia kilele bila kusimama juu ya tole, hakuna anayepanda. Lowesha kuta, linda majirani, toboa sehemu ndogo ya mlango upenyeze lanse.

Mashine ikishazimwa

Hewa ikionekana safi bado si safi. Motere ya petroli yenyewe imekuwa inaingiza monoksidi mu nyumba muda wote, na matela iliyozimwa inaendelea kutoa. Masike zibaki usoni mpaka detekteri iseme, na kama hakuna detekteri, zibaki mpaka mko nje. Matela zinatolewa nje ya nyumba, musi inaweza kuwaka tena kutoka ndani saa kadhaa baadaye. Kisha zima mashine, ngojea dakika kumi nyumba ikiwa kimya, uingie na taa kuangalia tena yale matundu ya plafo, kwani mashine ikiwaka moshi mdogo hauonekani, unafukuzwa mbele haujakusanyika. Ukiona uzi mwembamba unashuka mu tundu la kuloar, plafo yote ya upande huo inashushwa leo, mbele ya kamio kuondoka.